Siku moja maishani mwangu: ankara 37 zilizopita katikati ya vidole

Nafanya kazi ya data kwenye kampuni ya kusambaza vinywaji hapa Dar. Kila asubuhi skripti yangu huvuta ankara ambazo hazijalipwa kutoka kwenye mfumo wa mauzo, kisha idara ya madeni inatuma meseji za kuwakumbusha wateja. Hivi ndivyo Jumanne yangu ilivyokwenda.

Saa 2:20 asubuhi. Skripti inaanza yenyewe. Mimi bado niko kwenye daladala, nimebanwa dirishani. Kwenye skrini saa hiyo inaandikwa 08:20, na seva inaandika 05:20Z, hiyo Z ikimaanisha saa ya UTC. Dakika ileile imeandikwa kwa namna tatu, na hilo litanisumbua baadaye.

Saa 3:12. Imemaliza. Seva hutoa orodha kwa kurasa za ankara 200, na kila ukurasa hutaja `total`, yaani idadi ya ankara zote zilizomo kwenye orodha wakati huo. Ukurasa wa kwanza ulisema `total` ni 3,140, na wa mwisho, wa 16, ulisema 3,112. Kwenye faili langu kuna mistari 3,112, na namba ya ankara iliyojirudia hata moja hakuna. Nikanywa chai yangu kwa amani.

Saa 4:30. Dada wa madeni anakuja hadi mezani, na akija mwenyewe badala ya kupiga simu ujue kuna jambo.

"Mdogo wangu, mzee wa Tandika amelipa saa tatu kasoro, risiti anayo, na bado tumemtumia meseji ya deni. Halafu yule wa Mbagala anayedaiwa milioni nne na ushee simuoni kabisa kwenye orodha yako."

La kwanza ningeweza kulijibu: alilipa wakati skripti inakimbia. La pili lilinikosesha raha. Ankara ya Mbagala ina wiki tatu, na hakuna aliyeigusa.

Saa 5:00. Nikaanza na nilichokizoea. Mwaka jana niliwahi kupata rekodi zilizojirudia, kwa sababu orodha ile ilipangwa mpya kwanza. Kila ankara mpya ikiingia juu, zote zinashuka nafasi moja, na ya mwisho ya ukurasa uliopita inaibuka tena mwanzoni mwa unaofuata. Nikafuta zilizojirudia, nikajiona fundi. Sasa hivi hakuna iliyojirudia, kwa hiyo nikadhani tatizo haliko kwenye kurasa. Hapo nilipoteza saa nzima nikikagua kichujio cha matawi.

Saa 6:10 mchana. Bahati nzuri huwa nahifadhi kila ukurasa kama ulivyotoka kwa seva. Nikafungua wa 5 na wa 6. Wa 5 unaishia na `id`, yaani namba ya ankara, 20417, wa 6 unaanza na 20431. Pengo lenyewe si ushahidi, maana ankara zilizokwishalipwa hazimo kwenye orodha. Ikabidi niziulize za katikati moja moja:

```
GET /invoices/20422
"status": "open"
```

Ankara hiyo ilikuwa `open`, yaani wazi, haijalipwa, na mara ya mwisho kuguswa ni wiki tatu nyuma. Ndiyo hiyo ya Mbagala. Ilikuwepo kabla skripti haijaanza, ikawepo skripti ilipomaliza, na bado tumeiruka.

Saa 7:00. Nikamchorea dada wa madeni benchi la zahanati. Umetumwa kuandika majina ya wagonjwa, kumi kumi. Umemaliza nafasi ya 1 hadi 10, umeinama unaandika. Mgonjwa wa tatu anaitwa kwa daktari, watu wote wanasogea. Mama aliyekaa nafasi ya 11 sasa yuko ya 10. Ukiinua kichwa unaendelea na nafasi ya 11, na yule mama humwandiki.

`offset=1000` ni hivyo hivyo: inaiambia seva iruke nafasi 1,000, bila kujali aliyekaa ni nani. Orodha yetu imepangwa kwa `id`, kuanzia ya zamani, na imechujwa `status=open`. Kila ankara tuliyokwishaipita ikilipwa, inatoka kwenye benchi, na moja iliyo mbele inateleza kuvuka mpaka bila kuonekana.

Kilichonichoma zaidi ni hesabu kulingana. Nilivuta nafasi zote 3,112 za orodha ya mwisho, kila nafasi mara moja, kwa hiyo ilikuwa lazima idadi ilingane na `total`. Waliolipa wakabaki kwenye faili langu kama wadaiwa, wakiziba nafasi za waliorukwa. Hata ile orodha ya mwaka jana ilikuwa inadanganya vilevile: kila iliyojirudia ilikalia nafasi ya mpya iliyoingia juu. Kumbe nilipofuta zilizojirudia nilifuta dalili, ugonjwa nikauacha.

Saa 8:00. Kwa nini uvutaji unachukua dakika 52? Kosa langu. Baada ya kila ukurasa wa ankara 200, skripti inakwenda kuchukua maelezo ya kila ankara, na seva inaruhusu maombi 60 kwa dakika. Ukurasa mmoja unakula dakika tatu na zaidi. Na saa 2:30 ndiyo saa ambayo wahasibu wanaoanisha malipo ya jana. Nimeiweka skripti palepale orodha inapochemka.

Nikazitenganisha: kwanza kurasa zote 16 mfululizo, halafu ndipo maelezo. Orodha ikatoka chini ya dakika moja. Hilo linapunguza tu nafasi ya ajali. Dawa ni kuacha kuhesabu nafasi na kufuata `id` ya mwisho uliyoiona. Mfumo wetu unakubali `id_gt`, yaani nipe zenye `id` kubwa kuliko hii, jambo lililokuwa kwenye maelekezo muda wote:

```python
mwisho = 0
while True:
    ukurasa = vuta(status="open", sort="id",
                   id_gt=mwisho, limit=200)
    if not ukurasa:
        break
    hifadhi(ukurasa)
    mwisho = ukurasa[-1]["id"]
```

Sasa watu wasogee wapendavyo. Namuuliza anayefuata baada ya fulani, sijali amekaa wapi.

Saa 9:20 alasiri. Bado haikutosha. Njia hii hairuki ankara iliyokuwa wazi muda wote, lakini aliyelipa baada ya mimi kumpita anabaki kwenye orodha, na ankara iliyofunguliwa tena nyuma yangu, tuseme kwa hundi iliyorudi, siioni. Kwa hiyo nikaongeza duru ya pili: baada ya kumaliza, naomba kila kilichobadilika tangu nilipoanza, bila kichujio cha `status`, kisha naisahihisha orodha kwa majibu hayo. Kichujio kikibaki, waliolipa hawarudi kwenye jibu, nawe hujui kama wametoka.

Muda wa kuanzia nauchukua kwenye saa ya seva, narudi nyuma dakika tano. Jaribio la kwanza niliandika saa ya Dar kana kwamba ni ya Z, nikawa naomba mabadiliko ya saa tatu zijazo. Jibu likaja tupu, na kwa dakika chache nilifurahi.

Saa 10:40. Nikalinganisha na faili la asubuhi. Ankara zilizokuwa wazi, hazijaguswa, na hazimo: 37. Zilizomo lakini zililipwa wakati wa uvutaji, baada ya kupitwa: 37. Nilizihesabu mara mbili.

Saa 11:30 jioni. Dada wa madeni amepokea orodha ya waliorukwa, akaanza kupiga simu. Yule wa Mbagala amekiri deni bila ubishi. Mzee wa Tandika ameombwa radhi, naye amekubali, ila anataka jina lake litolewe kwenye meseji hadi mwezi ujao. Nikamwambia dada hilo mfumo hauna kitufe chake. Akaniambia nitafute.