Kumbukumbu ya mradi: Aprili 2020 ndani ya vijenzi vikuu

Kwa wanaoanza kufuatilia hapa: natabiri ukuaji wa uzalishaji wa viwandani Marekani (INDPRO) miezi 6 mbele, kwa njia ya Stock na Watson ya 2002. Unachukua jedwali kubwa la takwimu za kila mwezi, kwangu ni FRED-MD inayoanzia 1959, unalikamua hadi vijenzi vikuu vichache, kisha vijenzi hivyo vinaingia kwenye rigresheni ya kawaida pamoja na ukuaji wa miezi iliyopita.

Wiki hii nimeshughulikia Aprili 2020. Mwezi ule INDPRO ilishuka kwa takriban 13%, wakati mkengeuko sanifu wa mabadiliko yake ya kila mwezi unakaribia 1%. Vijenzi vikuu hufuata jumla ya miraba. Mfululizo uliosanifishwa wenye miezi 780 una jumla ya miraba 780, na mwezi huo mmoja unachukua 169, yaani zaidi ya moja ya tano. Ajira na mauzo ya rejareja nazo ziliporomoka wakati uleule, kwa hiyo kijenzi cha kwanza kinaanza kueleza korona badala ya mizunguko ya uchumi. Dalili yake ni rahisi kuiona: kokotoa kijenzi kwa data inayoishia Februari 2020, kikokotoe tena kwa data yote, halafu linganisha uzito wa kila mfululizo. Uzito ukihama sana, ujue ni miezi michache tu iliyouhamisha.

Kanuni ya kawaida ya FRED-MD hufuta thamani iliyo mbali na wastani wa kati kwa zaidi ya mara 10 ya masafa ya robo. Kwa INDPRO inainasa Aprili, ila mruko wa Juni, kama 6%, unapita salama. Nusu dawa, kwa maoni yangu. Nimeamua kugandisha wastani, mkengeuko na uzito hadi Februari 2020 (`T0` ni idadi ya miezi hadi hapo):

```python
mu, sd = X[:T0].mean(0), X[:T0].std(0)
Z = (X - mu) / sd
L = np.linalg.svd(Z[:T0], full_matrices=False)[2][:4].T
F = Z @ L
```

Alama ya kijenzi haina maana yenyewe. Mimi hugeuza hadi cha kwanza kipande pamoja na ajira.

Hilo linatibu uzito, si rigresheni. Anguko la Aprili limo ndani ya ukuaji wa miezi 6 kwa kila utabiri uliofanywa kati ya Oktoba 2019 na Machi 2020. Hakuna kijenzi cha Oktoba 2019 kilichojua kuhusu kirusi, lakini makosa hayo sita yakipigwa mraba yanameza mengine yote, na ulinganisho na modeli inayotumia historia ya INDPRO pekee unageuka bahati nasibu. Nimeyatoa kwenye makadirio, na kwenye tathmini nayaripoti kando.

Sasa nahamia kwenye matoleo ya zamani ya data, maana takwimu za INDPRO hurekebishwa baada ya kutolewa.