Ijumaa saa sita usiku ni usiku upi? Nilivyoacha kuwakosa abiria wa ndege

Kila nikilalamika kuhusu hili watu wananiambia andika tarehe, basi, yameisha. Hapana jamani. Mimi niliandika tarehe na bado nikamkosa abiria kwa masaa 24 mazima.

Nabeba abiria wa uwanja wa ndege hapa Dar, Teminali 3, na oda nyingi zinakuja kwa meseji. Mwaka jana, Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, mama mmoja Mzanzibari anayeishi Maskati akaniandikia: "Mwanangu, nafika Ijumaa ijayo saa sita usiku, uje unipokee." Sasa hiyo Ijumaa ijayo nilishaijua tabia yake, kuna mtu kwake ni hii ya keshokutwa na kuna mwingine hii ya keshokutwa anaiita Ijumaa hii, ijayo ni ya wiki nyingine. Nikamuuliza, tarehe 8 au 15 mama? Akajibu 15. Nikaridhika kabisa.

Ijumaa tarehe 15 nikala, nikapumzika, saa tano na nusu usiku niko pale na karatasi yenye jina lake. Ndege ya Maskati ikatua, watu wakatoka mpaka wakaisha, mama hayupo. Nikasubiri tena nikidhani mizigo imechelewa. Saa saba na nusu nikampigia, akapokea kwa sauti ya usingizi: "Mwanangu, mimi nimeshafika tangu jana, nimekaa pale saa nzima nakupigia hupatikani, nikachukua gari nyingine." Kweli usiku ule nilikuwa nimezima simu nimelala. Mafuta na parking ikaniondokea kama elfu ishirini na kitu, lakini kilichoniuma ni mtu mzima kukaa na mabegi usiku peke yake.

Nilipomwomba tiketi nikaona sote tulikuwa sawa. Ndege iliondoka Maskati Alhamisi jioni tarehe 14, ikatua Dar saa 00:25 tarehe 15. Kwa kalenda hiyo ni Ijumaa. Na kwake yeye ilikuwa Ijumaa hata kabla ya hapo, maana kwa wazee wa pwani siku inaanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mimi nimekulia bara, Ijumaa usiku kwangu ni baada ya kutoka kazini Ijumaa. Tarehe moja, usiku mbili.

Jamaa mmoja kijiweni akanishauri niandike "saa 12 usiku" kama simu inavyosema. Ushauri mbaya kuliko yote! Ukimwandikia Mswahili saa 12 anafikiria alfajiri au jioni, aliyezoea saa ya Kizungu anafikiria mchana au usiku wa manane, yaani namba moja inatoa nyakati nne tofauti.

Ninachofanya sasa nauliza swali moja tu: "Alhamisi jioni, kabla jua halijazama, utakuwa wapi?" Akisema niko uwanja wa ndege huku Maskati, nimemaliza. Akisema niko nyumbani bado, najua ni usiku unaofuata. Hapa hakuna anayekosea, kwa sababu kabla ya magharibi bado ni Alhamisi ileile kwa kila mtu. Baada ya hapo naandika hivi: "Usiku wa Alhamisi tarehe 14 kuamkia Ijumaa tarehe 15, ndege inatua 00:25, yaani saa sita na dakika 25 usiku." Hilo neno kuamkia usiliache, ndilo linalobeba meseji yote. Na simkubalii mtu anijibu "sawa", namwomba aniandikie yeye tarehe anayopanda ndege, maana sawa mtu anaandika hata hajasoma.

Kwenye simu yangu pia siweki kumbukumbu ya 00:25 tarehe 15, ukiweka hivyo utaangalia ratiba yako Ijumaa asubuhi wakati abiria keshaondoka. Naweka muda wa mimi kutoka nyumbani, 23:00 tarehe 14. Malipo ya awali nayo sisemi mwisho saa sita usiku, nasema mwisho Jumatano 23:59.

Mama yule alinisamehe, akanipa safari nyingine. Akaandika "wikiendi hii unipeleke Bagamoyo". Nikamuuliza kwanza, nikakuta anamaanisha Ijumaa, kwa sababu Omani tangu Mei 2013 mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili watu wako kazini. Mimi nilikuwa nimeshamtengea Jumapili. Tukaandikiana: Ijumaa tarehe 22 Agosti, saa mbili asubuhi, 08:00. Saa mbili kasoro kumi nilikuwa getini kwake.