Glasi ya maji si kipimo: nilivyopata muda halisi wa rangi kusambaa

Uliza rangi huchukua muda gani kusambaa sentimita 10 ndani ya maji yaliyotulia, na wengi watakujibu bila kusita: dakika chache, dondosha tone kwenye glasi ujionee. Jibu hilo nilipewa na mtu aliyetakiwa kujua zaidi yangu. Akaniagiza nipime kwa saa, kisha nitafute namba D ya rangi hiyo, ile inayoonyesha wepesi wa kitu kusambaa, kwa kanuni ya haraka inayotokana na sheria ya Fick:

t = x²/(2D)

Kanuni sina ugomvi nayo. Glasi ndiyo iliyonikera. Hata hivyo nilifanya kama nilivyoagizwa, tena kwa uangalifu wote, ili nipate namba ya kumrudishia.

Tone la rangi ya chakula liligusa maji na papo hapo likaanza kuzama. Likajinyoosha kuwa uzi, ncha ya uzi ikajikunja pete, pete ikagawanyika nyuzi nyingine, na zote zikateremka hadi chini kabla sijamaliza kuandika saa ya kuanzia. Zilipofika chini zikatambaa pembeni, zikapanda upande wa glasi uliokuwa karibu na dirisha, zikageuka na kushuka upande wa pili. Baada ya dakika 20 glasi nzima ilikuwa nyekundu. Nikarudia kwa maji ya mtungi uleule, safari hii ikachukua muda mrefu zaidi ya maradufu. Nikatia tone taratibu kwa mrija hadi chini kabisa, na rangi ikakaa pale kama zulia. Glasi moja, majibu matatu, na kila jibu likijidai ni difusheni, yaani kusambaa kwa molekuli zenyewe bila kubebwa na mkondo.

Sasa piga hesabu ya lile la kwanza. Sentimita 10 ni mita 0.1, kipeo chake cha pili ni 0.01, gawa kwa mara mbili ya sekunde 1,200, unapata D ya takriban 4.2 × 10⁻⁶ m²/s. Sukari ya kawaida majini, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ina D ya takriban 5.2 × 10⁻¹⁰. Molekuli ya rangi yangu ni kubwa kuliko ya sukari, kwa hiyo ilitakiwa iwe nzito zaidi kusambaa, lakini glasi inadai ni nyepesi mara 8,000. Kwa D ya sukari, sentimita 10 zinahitaji sekunde milioni 9.6, yaani siku 111. Glasi haikupima difusheni hata kidogo. Ilipima mikondo ya maji: uzito wa tone lenyewe, joto la dirisha, na mkono wangu. Ukiona nyuzi, pete au vidole vya rangi, ujue ni mkondo. Difusheni haina vidole. Ina ukungu laini unaofifia kadiri unavyokwenda mbali.

Adolf Fick, mwanafiziolojia wa Kijerumani, alitoa sheria yake mwaka 1855 kwa kufuata mfano wa sheria ya joto ya Fourier: kiasi kinachopita kwenye eneo fulani kwa sekunde kinalingana na ukali wa mteremko wa ukolezi, yaani jinsi wingi wa rangi ndani ya maji unavyopungua kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kile kipeo cha pili kinatoka hapo. Ukiongeza umbali mara mbili, mteremko unalegea kwa nusu, na wakati huohuo maji ya kujazwa yanakuwa mara mbili. Muda unazidi mara nne. Ndiyo maana milimita moja ni jambo la dakika, na sentimita 10 ni jambo la miezi.

Dawa ya mikondo ni agari, unga wa mwani unaogandisha maji. Gramu moja kwa kila mililita 100 za maji, ichemshwe mpaka iwe angavu kabisa, imiminwe kwenye neli za majaribio, iachwe igande. Karibu asilimia 99 ya kilichomo bado ni maji, na matundu ya wavu wa agari ni mapana mno kwa molekuli ndogo kama ya rangi, kwa hiyo D inabaki karibu ileile ya maji matupu. Lakini maji hayawezi tena kuzunguka. Juu yake nilimimina rangi kwa wingi, ili ukolezi wa juu usipungue. Angalia tu agari isijitenge na ukuta wa neli. Ikijitenga, rangi huteleza pembeni, na utaona pete iliyotangulia huku katikati kukiwa nyuma. Neli ya hivyo itupe.

Lililobaki ni kuamua rangi "imefika" wapi. Ukungu hauna mwisho. Jicho langu asubuhi na jicho langu usiku havikubaliani. Hapa najisifu kidogo. Nilichukua rangi ileile, nikaizimua mara 100, nikaijaza kwenye neli ya upana uleule na kuisimamisha sambamba na neli ya agari mbele ya karatasi nyeupe. Nikawa natafuta mahali ambapo wekundu wa agari unafanana na wekundu wa neli hiyo, natia alama. Sasa "imefika" ina maana moja tu: ukolezi umefikia asilimia 1 ya ule wa juu. Kwa chanzo kisichopungua, suluhisho la mlinganyo wa Fick linasema alama hiyo iko kwenye umbali wa 3.64√(Dt).

Baada ya saa 6 alama ilikuwa milimita 11.5. Baada ya saa 24, milimita 22.5. Muda mara nne, umbali karibu mara mbili, nikacheka peke yangu. Sikugawa namba moja moja, kwa sababu sikuwa na uhakika na nukta sifuri pale agari inapojipinda kwenye ukuta. Nilichukua tofauti: milimita 11, gawa kwa tofauti ya vipeuo vya pili vya muda, 294 toa 147. Kosa la sifuri linajifuta lenyewe. Geuza milimita kuwa mita, gawa tena kwa 3.64, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. D ikatoka 4.2 × 10⁻¹⁰, chini kidogo ya sukari, pale pale nilipotarajia.

Kwa D hiyo nikarudi kwenye swali la sentimita 10, na jibu si moja. Asilimia 1 ya ukolezi itafika baada ya kama siku 21. Kanuni ya x²/(2D) inatoa kama siku 138, na wakati huo ukolezi pale ni karibu asilimia 32 ya ule wa chanzo. Nusu ya ukolezi inahitaji miezi kama 10. Anayekuuliza "muda gani" bila kusema kiasi gani bado hajamaliza kuuliza. Kwa sumu inayodhuru hata ikiwa kidogo, siku 21 ndizo zinazokuhusu.

Usisahau kipimajoto. Karibu na nyuzi 25, D hupanda kwa asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi moja, kwa kuwa mnato wa maji unapungua, hivyo chumba kinachopata joto mchana na baridi usiku kitapinda mstari wako. Na kwa protini kubwa usitegemee agari bila kuihakiki: albumini ina D ya kama 6 × 10⁻¹¹ majini, na molekuli ya ukubwa huo huanza kukwaruzana na wavu, kwa hiyo D utakayopima inaweza kuwa chini ya ile ya maji matupu.