Jumamosi Tuliyoihamisha

Mtoto wa dada yangu amemaliza kidato cha nne, na juzi aliniletea karatasi iliyopangwa vizuri kwa rula, yenye majina ya rafiki zake kumi na wawili, mahali wanapotaka kwenda na kiasi cha fedha wanachokitafuta. "Mama mdogo, tazama tu, sikuombi kitu," alisema, huku sote wawili tukijua kwamba ananiomba. Nilisoma mstari ulioandikwa "saa sita mpaka saa nane, kuogelea" nikasimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu mstari kama huo, wenye saa zile zile, uliwahi kuwamo katika daftari letu mwaka 2014.

Wakati huo ilikuwa Oktoba, mahafali yalikuwa yamekwisha na mtihani ulikuwa bado. Tulikuwa kumi, wasichana sita na wavulana wanne, na nusu yetu tulitaka Unguja. Unguja ilikufa kwa hesabu kabla haijafika kwa wazazi, maana tulikuwa tumekubaliana mchango wa shilingi 16,000, na tiketi ya boti ya kwenda peke yake ilizidi fedha hiyo. Halafu kulikuwa na suala la kulala. Hakuna mama hata mmoja Kunduchi ambaye angemruhusu binti wa miaka kumi na saba alale gesti na wavulana wa darasa lake, na wala hatukuthubutu kuuliza. Bagamoyo ilishinda kwa sababu ni safari ya kwenda na kurudi mchana, lami tupu, na kwa sababu dada wa mmoja wetu, aliyekuwa akisoma chuo kikuu, alikubali kutusindikiza mradi alipiwe kila kitu. Mwenzetu mmoja alisema kwamba yeye hawezi kusherehekea mahali tulipokwenda na mwalimu wa historia tukiwa kidato cha pili, akajitoa. Tukabaki tisa, na msindikizaji wa kumi.

Hesabu yenyewe ninaikumbuka kwa sababu ndiyo niliyoiandika mimi. Wanane walitoa 16,000 kila mmoja, na wa tisa, ambaye mama yake alikuwa akiuza vitafunwa, alitoa 6,000 na ahadi ya maandazi na mayai ya kuchemsha ya watu wote, jambo lililofuta kabisa gharama ya chai ya asubuhi. Jumla ikawa 134,000. Nauli za kwenda na kurudi tuliziweka 48,000, nazo zilikuwa juu kidogo kwa makusudi: magari ya Bagamoyo yalikuwa yakifika Tegeta yamekwisha kujaa, na watu kumi hawawezi kugawanyika katika magari matatu kisha wakatafutana stendi, kwa hiyo ilitubidi turudi nyuma hadi Makumbusho tupande gari likiwa tupu. Wali na samaki kwa mama ntilie ulikuwa 30,000, maji ya kunywa 8,000, na 24,000 zilikuwa za bajaji na kiingilio cha magofu ya Kaole, yaliyo kama kilomita tano kusini mwa mji. Zilibaki 24,000. Wavulana walikwisha kuzipangia soda na keki, lakini dada yule aliuliza swali moja tu: pochi ya mweka hazina ikiibiwa saa saba mchana, mtarudije? Nauli ya upande mmoja ya watu wote ilikuwa 24,000 kamili, na hivyo ndivyo akiba ilivyopatikana. Akaiweka kwenye simu yake, katika M-Pesa, ambako hakuna kijana mwenye njaa angeweza kuifikia.

Tulidhani tumemaliza. Tarehe tuliyoichagua ilikuwa Jumamosi ya Novemba 22, na daftari likapelekwa kwa babu wa rafiki yangu wa dawati ili alibariki, kwa kuwa bila neno lake mjukuu asingetoka.

Babu huyo alikuwa amevua samaki tangu utoto wake, na jioni ile alikuwa ameketi barazani akishona jarife, sindano ikiwa mkononi na uzi umeuma kidole gumba cha mguu. Tulimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akamwambia mjukuu wake asome kwa sauti. Mjukuu akasoma: kuondoka saa kumi na mbili na nusu, kufika saa tatu, Kaole, chakula, kisha ufukweni kuogelea kuanzia saa sita hadi saa nane, gari la kurudi saa tisa. Babu akaacha kushona.

"Tarehe hiyo mwezi una siku ngapi?"

Tulitazamana. Mmoja wetu alianza kusema kwamba Novemba ina siku thelathini, na mwingine akamfinya.

"Mwezi wa juu," alisema mzee, akahesabu mwenyewe kwa vifundo vya vidole, polepole, akanung'unika, kisha akasema kwamba siku hiyo mwezi utakuwa umekwisha na mwingine ungali haujaandama, kwa hiyo ni bamvua. Aliokota kipande cha mkaa akachora mstari sakafuni, huo ndio ufuko, na mbali nao akachora kiduara, hilo ndilo fungu la mchanga. "Bamvua, bahari hii hukupwa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Mtafika mtaikuta imekwenda kule, mchanga mtupu mpaka macho yachoke. Mtafanya nini?"

"Tutatembea," alijibu mjukuu.

"Mtatembea mpaka hapa," alisema akigonga kiduara kwa mkaa, "kwa sababu hapa ni pakavu na panapendeza, na mtapiga picha. Saa mbili za mwanzo maji yakirudi hutaona kitu. Saa mbili za katikati ndizo zinazokimbia. Saa nne mpaka saa sita, kimya. Saa sita mpaka saa nane?" Akalisukuma daftari kwa ncha ya sindano, pale kwenye mstari wetu. Hakusema zaidi, alitusubiri tusome wenyewe.

Kisha akachora mchirizi kati ya fungu na ufuko, mahali ambapo sisi tungedhani hakuna kitu. Alieleza kwamba mtu aliye juu ya fungu huangalia mbele, baharini, akiamini kwamba maji yatamjia kutoka huko na kwamba atayaona, ilhali mchirizi ulio nyuma yake ni bonde, nalo hujaa kwanza. Anapogeuka kurudi, miguu yake ingali mikavu, lakini njia aliyoijia imekuwa maji ya kiuno yanayovuta upande, na asiyejua kuogelea hapo huingia hofu. Nilipomuuliza kama kuna dalili ya kuonekana mapema, alisema tuitazame mitumbwi iliyolala upande kwenye matope: ukiona mmoja umeanza kunyanyuka, rudi, usingoje wa pili.

Miaka mingi baadaye niliona jedwali la maji kujaa na kupwa la Dar es Salaam, nikakuta kwamba tofauti ya kina siku za bamvua huzidi mita 3, na siku za maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Yeye hakutaja mita yoyote. Alisema tu kwamba Jumamosi inayofuata mwezi utakuwa na siku sita au saba, maji yatakuwa mafu, hayatakwenda mbali wala hayatakuja kwa nguvu, na mafungu ya mbali hayatatoka kutushawishi. Akaongeza kwamba yatajaa asubuhi, kwenye saa nne hivi, na kupungua polepole mchana kutwa, basi tuoge mapema na Kaole tuiweke baadaye. Aliuliza ni wangapi kati yetu wanaojua kuogelea. Watatu. Akarudi kwenye jarife lake.

Kuihamisha safari hadi Novemba 29 kulizua kelele ambazo sitazieleza zote. Wawili walikuwa wamekwisha kuaga nyumbani kwa tarehe ya kwanza, na mvulana mmoja alisema haiwezekani watu tisa waliosoma jiografia wakaongozwa na mkaa. Dada wa chuo ndiye aliyekata shauri, akaongeza na masharti yake: hakuna kuvuka kina cha kiuno, wanaojua kuogelea wakae upande wa bahari na wasiojua upande wa nchi kavu, simu mbili zibaki zimezimwa kama akiba ya chaji, na nyumbani kupigiwe tukifika, tukila na tukipanda gari.

Safari yenyewe ilipita upesi. Tulipata viti Makumbusho, tukala maandazi kabla ya Bunju, na tulipofika tukaikuta bahari iko karibu, imetulia, chini ya ufuko. Tulioga asubuhi tukachoka. Kaole tulikwenda kwa bajaji baada ya chakula, ingawa baadhi yetu walitaka kupita ufukweni kwa miguu ili kuokoa fedha, wazo lililokataliwa kwa kuwa njia ile ilikuwa ya upweke. Tuliona msikiti ambao mlinzi alituambia ni wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo ndefu, na tukasimama juani tukijaribu kuonekana watu wazima katika picha. Saa tisa tulikuwa stendi, kabla ya msongamano wa jioni. Akiba ya 24,000 haikuguswa, na ubishi kuhusu namna ya kuigawa ulichukua muda mrefu kuliko safari.

Kinachonisumbua ni kwamba siwezi kuthibitisha chochote. Jumamosi ya Novemba 22 ilipita bila habari yoyote mbaya kutoka ule ufuko, angalau hatukuisikia, na inawezekana kabisa kwamba tungekwenda siku hiyo, tukatembea hadi kwenye fungu, tukarudi na nguo zilizolowa na kicheko. Mzee naye hakuwa sahihi kwa dakika. Maji yalianza kurudi nyuma mapema kuliko alivyosema, na yule mvulana wa jiografia alilitaja hilo ndani ya gari mpaka Mapinga. Sijui nimwambie nini mtoto wa dada yangu zaidi ya kumuuliza tarehe yake mwezi utakuwa na siku ngapi, swali ambalo alilijibu kwa kutoa simu mfukoni.

Na yule mwenzetu aliyejitoa? Wiki hiyo hiyo alikwenda Unguja na binamu zake, bila msindikizaji na bila akiba, akarudi salama na picha nzuri kuliko zetu zote. Tukikutana kwenye harusi bado huwaambia watu kwamba sisi tulimaliza shule tukaenda kuzuru makaburi.