Kumbukumbu ya mradi: video ya Bibi, na picha iliyokataa kutulia

Hatimaye picha ya Bibi akiwa ameketi dakani imetulia. Waliofuatilia mradi huu wanajua kwamba sauti zilikuwa zimeshakamilika na picha zilikuwa zimeshapita kwenye skana, na kilichobaki kilikuwa jambo moja tu: kila nilipoisogeza picha karibu kwa mwendo wa polepole, ilitetemeka. Haikutetemeka sana. Kwenye simu mtu hangeona kitu, lakini kwenye televisheni ya ukutani, ambako akina mama wa mtaa wetu wa Mkomani wataitazama baada ya hitima, uso wa Bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ulikuwa ukichezacheza kama kivuli cha kandili. Kwa video ya kumkumbuka marehemu, hilo sikuweza kulivumilia.

Nieleze kwanza kwa nini mwendo ulipaswa kuwa wa polepole kiasi hicho. Nilikuwa na albamu tatu, na nilidhani picha zingenitosha na kubaki. Shangazi alizipitia zote pamoja nami na akaweka nyingi kando, kwa kuwa humo Bibi alipigwa picha ndani ya nyumba, kichwa wazi, siku za harusi na za kupaka hina. Nilipomwonyesha moja niliyoipenda mno na kumuuliza, "Hii nayo, Shangazi?" alinijibu, "Hapana, mwanangu. Hiyo ni ya macho yetu sisi wanawake, na video itapita mikono ya watu." Sikubishana naye, kwa sababu yeye anajua Bibi angetaka aonekane vipi. Zikabaki picha 15, na masimulizi ya Shangazi na ya Ami, baada ya kuondoa marudio, yana urefu wa dakika 5. Hivyo kila picha inakaa mbele ya mtazamaji kwa takriban sekunde 20, na muda huo ni mrefu kwa picha isiyosogea hata kidogo. Nikaamua zote zikuzwe polepole kwa asilimia 8, kiasi ambacho jicho linahisi ukaribu bila kuuona mwendo wenyewe.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Kwanza nilishuku ubora wa faili la mwisho, nikapunguza mgandamizo mpaka faili likawa kubwa kupita kiasi. Mtetemo ukabaki vilevile. Nikaongeza fremu kutoka 25 hadi 50 kwa sekunde, nao ukabaki. Nikaishuku hata skana, lakini picha iliyosimama ilikuwa safi kabisa. Njia iliyonionyesha ukweli ni ya kawaida sana: nilitoa fremu za video moja moja kama picha za PNG, nikazikuza kwenye ukingo wa kushoto wa ile picha ya dakani, mahali ambapo mpaka mweupe wa karatasi unakutana na usuli mweusi, nikawa nahesabu pikseli. Ukingo ulikaa palepale fremu moja, ya pili, ya tatu na kuendelea, kisha ghafla ukaruka pikseli moja nzima. Ukakaa tena, ukaruka tena.

Sababu yake ni hii. Kichujio cha zoompan cha ffmpeg, programu ya kuhariri video kwa amri za maandishi, hukuza picha kwa kukata dirisha dogo zaidi na zaidi ndani ya picha, kisha hulinyoosha dirisha hilo lijae kioo. Kona ya dirisha hilo huwekwa kwenye pikseli kamili. Haiwezi kukaa kwenye nusu wala robo ya pikseli. Sasa chukua picha yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080. Ukiikuza kwa asilimia 8, upande wa kushoto unasogea pikseli 71 hivi, na upande wa juu pikseli 40. Kwa sekunde 20 zenye fremu 25 kila moja, kuna fremu 500. Kwa hiyo dirisha huruka kwa upana kila baada ya fremu 7, na kwa kimo kila baada ya fremu 12 au 13. Miruko hiyo miwili mara nyingi haikutani, ndiyo maana uso hauendi mbele tu, bali unayumba pembeni, kisha juu, kisha pembeni tena. Mtu anayekuza picha kwa asilimia 30 ndani ya sekunde 4 haoni lolote, kwa sababu miruko yake imefuatana mno hata jicho likaiona kuwa mwendo mmoja. Upole tuliouchagua kwa heshima ya Bibi ndio uliouweka mtetemo wazi. Ndiyo sababu pia fremu 50 hazikusaidia: idadi ya fremu iliongezeka, lakini ukubwa wa kila mruko ulibaki pikseli ileile moja.

Tiba yake ni kuikuza picha mara nne kabla haijaingia kwenye zoompan, kisha kuirudisha kwenye ukubwa wa kawaida wakati wa kutoka. Kwenye picha yenye upana wa 7680, mruko wa pikseli moja huwa ni robo tu ya pikseli kwenye kioo, na jicho haliwezi kuukamata. Ieleweke kwamba kukuza huku hakuongezi undani wowote kwenye picha. Kunachofanya ni kuipa kona ya dirisha hatua ndogo zaidi za kupiga. Nilijaribu mara nane pia, kompyuta ikakwama kwa kukosa kumbukumbu, na nilipofanikiwa kutoa sekunde chache sikuona tofauti. Mara nne zatosha.

Amri niliyofikia kwa picha ya dakani ni hii:

```
ffmpeg -i daka.png -vf "scale=-2:3840:flags=lanczos,
pad=7680:4320:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2:color=0x1c1814,
format=yuv444p,zoompan=z='1+0.04*(1-cos(PI*min(on,424)/424))':
x='(iw-iw/zoom)*0.46':y='(ih-ih/zoom)*0.38':
d=500:s=1920x1080:fps=25,format=yuv420p" \
-c:v libx264 -crf 16 daka.mp4
```

Sehemu ya x na y ndiyo ninayojivunia zaidi. Mifano mingi inayozunguka huikuza picha kuelekea katikati yake, lakini Bibi hakuketi katikati. Aliketi kushoto kidogo, mlango wa nakshi ukiwa nyuma yake. Ukikuza kuelekea katikati, macho yake yanasukumwa pembeni polepole kana kwamba anaondoka. Namba 0.46 na 0.38 ni mahali yalipo macho yake, kwa sehemu ya upana na ya kimo, vikipimwa kwenye fremu nzima pamoja na usuli wake. Kwa mpangilio huo, nukta ile moja haisogei kabisa kwenye kioo tangu mwanzo hadi mwisho. Mlango unasogea, kanga inasogea, ukingo wa picha unasogea, lakini macho ya Bibi yanakaa palepale yakikutazama. Tofauti yake ni kubwa kuliko nilivyotarajia.

Kimo cha 3840 ndani ya 4320 kimeacha nafasi juu na chini, ili hata mwisho wa kukuza picha ibaki nzima pamoja na mpaka wake mweupe. Sikutaka kuukata mpaka huo, kwa kuwa nyuma ya karatasi kuna mwandiko wa Babu na kwa mbele mpaka wenyewe umeliwa na unyevu wa bahari upande mmoja. Hiyo nayo ni historia ya picha.

Ile cosine ndani ya z huufanya mwendo uanze taratibu na uishe taratibu, badala ya kuanza kwa kushtua. Namba 424 ilitokana na wazo lililonijia nikiwa katikati ya kazi, na ambalo lilinifanya niache mpango niliokuwa nao wa kuweka ramani ya mji kati ya picha na picha. Nilikuwa nikimsikiliza Shangazi akieleza jinsi Bibi alivyokuwa akiketi dakani alasiri akishona kofia, na jinsi watoto waliotoka chuoni walivyosimama kumwamkia na kila mmoja akapewa visheti. Mwisho wa sentensi hiyo Shangazi alinyamaza kidogo, akavuta pumzi, kisha akaendelea. Nikajiuliza kwa nini picha iendelee kusogea hali msimulizi amenyamaza. Sentensi inaisha kwenye sekunde ya 17, sawa na fremu 425, na kwa kuwa hesabu ya fremu huanzia sifuri, 424 ndiyo ya mwisho. Mwendo unaishia hapo pamoja na sauti, na zile sekunde 3 za ukimya picha inasimama. Sasa kila picha ina namba yake, inayotokana na pumzi ya anayesimulia. Ni kazi ya kusikiliza kwa makini, nami naipenda kuliko kazi nyingine zote za mradi huu. Ramani sitairudia.

Programu za simu zinazounganisha picha na muziki kwa kubofya mara moja hazifai kwa kazi ya namna hii, kwa sababu hubadilisha picha kwa kufuata mdundo. Katika kumbukumbu ya marehemu, picha ifuate maneno. Ndiyo maana muziki wetu hauna ngoma: ni taksimu ya udi aliyoipiga binamu yangu, nasi tuliomba ridhaa ya Ami kwanza, naye akakubali kwa sharti kwamba usisikike wakati wa dua. Ili udi ushuke kila Shangazi anapozungumza nilitumia sidechaincompress, kichujio kingine cha ffmpeg, na hapo pia upole ulihitaji uangalizi. Thamani yake ya kawaida ya release, yaani muda ambao udi huchukua kuinuka tena sauti ya msimulizi inapokoma, ni milisekunde 250, na kwa muda mfupi hivyo udi huinuka kati ya neno na neno kisha huzama tena, jambo linalochosha masikio. Kwa 1800 udi unasubiri hadi sentensi imalizike kweli ndipo unaporudi.

Nimeitazama picha ya dakani kwenye televisheni nikiwa nimeketi mbali, kisha nimesimama karibu kabisa na kioo, nikiangalia mistari ya nakshi za mlango, ambayo ndiyo ya kwanza kufichua mtetemo kwa kuwa imenyooka na iko karibukaribu. Imetulia. Shangazi aliitazama pia, akaniomba niirudishe, akaitazama tena.

Zimebaki picha 14 za kupimiwa macho na pumzi. Inayonitia shaka ni ile ya jahazini, kwa sababu uso wa Bibi ni mdogo sana humo na asilimia 8 hazitamsogeza karibu vya kutosha. Nafikiria kuiingiza upya kwenye skana kwa pikseli 1200 kwa inchi badala ya 600, nikate sehemu yake tu, na kuiacha isimame bila mwendo wowote huku Ami akisimulia ile safari ya Pate.