Kumbukumbu ya mradi, sehemu ya 3: watu 60 sokoni, kadi ya michoro imekaa bure

Seva yetu ya Minecraft Java huenda vizuri wachezaji wakiwa wametawanyika. Wakikusanyika sokoni kwa mnada, kila kitu kinakuwa kizito. Pendekezo linalorudi kila mara ni kununua kadi kubwa zaidi ya michoro. Seva haichori picha yoyote, kwa hiyo kadi haiwezi kuisaidia kitu. Sehemu hii inaeleza mzigo unakaa wapi na tumebadilisha nini.

Seva huiendesha dunia kwa mapigo 20 kwa sekunde, yaani kila pigo lina milisekunde 50. Ndani ya muda huo inasogeza wanyama, inahesabu nani kamgonga nani, inakuza mimea na kuandaa taarifa za kila mchezaji. Karibu kazi yote hiyo inapita kwenye uzi mmoja wa prosesa, yaani foleni moja ambamo kazi zinafanywa moja baada ya nyingine. Pigo moja likihitaji milisekunde 80, dunia inashuka hadi mapigo 12.5 kwa sekunde, hata kama nyuzi nyingine zote zinapiga miayo.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Kwenye prosesa ya nyuzi 8, uzi mmoja ukijaa kabisa, matumizi ya jumla yanasomeka kama asilimia 12 au 13 tu. Mtu anaona prosesa imelala, kumbe imefika mwisho. Usiangalie jumla, angalia muda wa pigo (kuanzia toleo 1.20.3):

```
/tick query
```

P95 na P99, yaani muda ambao asilimia 95 au 99 ya mapigo hayauzidi, ndizo muhimu kuliko wastani. Kama P95 inazidi milisekunde 50, mnada una matatizo. Seva ikichelewa sana, inaandika yenyewe `Can't keep up!` kwenye konsoli.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji amri: weka nyama kwenye tanuri ya kawaida na ushike saa. Kipande kimoja huchukua mapigo 200, yaani sekunde 10. Kikichukua sekunde 16, dunia iko kwenye mapigo 12.5. Kipimo hiki tunakipenda kwa sababu mchezaji yeyote anaweza kukifanya mwenyewe kabla hajaanza kulaumu intaneti yake.

Sasa kwa nini umati hasa? Kila mtu anapaswa kujua wengine wote wako wapi. Watu 30 wanatoa jozi 30 × 29, yaani taarifa 870 kila mzunguko. Watu 60 wanatoa 3,540. Idadi imeongezeka mara mbili, kazi imeongezeka mara nne. Tukichukua mizunguko 10 kwa sekunde, ni taarifa 35,400 kila sekunde, kwa kutembea tu. Kwa makadirio ya baiti 15 kila moja, zinatoka kama megabiti 4.2 kwa sekunde kabla ya kuhesabu vichwa vya pakiti, silaha zinazobadilishwa mkononi na vipande vya dunia vya mtu anayeingia. Kasi ya kupakia ya nyumbani huwa ndogo kuliko ya kupakua, na hii inatoka, haiingii.

Ushauri wa kawaida ni kupunguza `simulation-distance`, umbali ambao dunia inaendeshwa kumzunguka mchezaji, kutoka vipande 10 hadi 6. Mraba wa vipande hai kwa kila mtu unashuka kutoka 441 hadi 169. Tumefanya hivyo, lakini faida yake ni kwa watu waliotawanyika. Sokoni miraba yao imelaliana, kwa hiyo watu 60 wanatumia karibu eneo lile lile la mtu mmoja. Kilichofaa zaidi kwa umati ni kuzuia watu wasisukumane:

```
/team add wote
/team modify wote collisionRule never
/team join wote @a
```

Angalizo: `@a` inachukua waliomo wakati huo tu. Anayeingia baadaye hayumo kwenye timu, kwa hiyo atasukumana na wengine wasiomo, mpaka aunganishwe.

Upande wa mchezaji nako prosesa ndiyo inayochoka kwanza: viungo, mavazi na jina la kila mtu vinaandaliwa nayo kabla kadi haijachora. Punguza ukubwa wa dirisha la gemu. Fremu zisipoongezeka, kadi ilikuwa inasubiri, na kadi mpya itasubiri vile vile.

Dalili zinatofautiana. Wote wakiona jiwe walilovunja linarudi, ni seva. Mmoja peke yake akiona wenzake wameganda kisha wanaruka kwa mpigo, ni mtandao wake: gemu linatumia TCP, na pakiti moja ikipotea zote za nyuma yake zinasubiri itumwe upya. Picha ikikatika wakati tanuri yake inatimiza sekunde 10, ni kompyuta yake.

Kilichobaki ni kulihamishia soko kwenye seva ya pili, na Velocity, programu inayopokea wachezaji na kuwapeleka kwenye seva husika, mbele ya zote mbili. Kulihamishia Nether, dunia nyingine ndani ya seva hiyo hiyo, hakutasaidia, maana Nether inaendeshwa na uzi ule ule.