Siku moja maishani mwangu: kuulizia bei na nafasi za matangazo

Kazi yangu ni kununua nafasi za matangazo redioni na magazetini kwa niaba ya wateja. Siku hii ni ya kuulizia tu, hakuna kinachorushwa wala kulipwa. Mteja anauza vifaa vya ujenzi, anafungua tawi jipya Jumamosi ya wiki ijayo, na bajeti yake yote, kodi ikiwemo, ni 5,000. Namba zote hapa ni za mfano tu, kwa hiyo ziweke kwenye fedha yoyote unayotumia.

Saa 2:00 asubuhi

Naanza na redio, na kwa kuandika, simu itafuata. Ukipiga ukauliza "tangazo kwenu ni shilingi ngapi?", utatumiwa orodha ya bei na mazungumzo yataishia hapo. Orodha hiyo inaonyesha bei ya kila muda wa siku, lakini haisemi kama Ijumaa ijayo asubuhi kuna nafasi hata moja. Bei na nafasi ni maswali mawili tofauti, na hilo la pili ofisa mauzo hawezi kulijibu mpaka ajue unachotaka.

Kwa hiyo barua pepe yangu inataja bidhaa ni nini, tangazo ni la sekunde ngapi, linaanza na kuisha tarehe gani, nataka mara ngapi kwa siku na kati ya saa ngapi na saa ngapi, na kama sauti iko tayari au wao ndio watakaorekodi. Bidhaa inatajwa kwa sababu kituo makini hakiweki washindani wawili kwenye mapumziko mamoja ya matangazo. Ukificha jina la bidhaa, usilalamike ukisikia tangazo lako limepangwa nyuma ya lile la duka jirani.

Saa naziandika kwa mtindo wa saa 24: 06:00 hadi 10:00, 16:00 hadi 19:00. Programu ya kupangia matangazo inatumia mtindo huo, wakati watu ofisini wanazungumza kwa saa za Kiswahili. Ukiandika "saa 1 hadi saa 4" bila kusema asubuhi au usiku, mwenye kuingiza oda anaweza kukupeleka 19:00 hadi 22:00, au hata 13:00 hadi 16:00 akidhani ni saa za Kizungu. Kosa la namna hii huwezi kuliona kwenye ankara, maana idadi ya matangazo inabaki ileile. Utaligundua kwenye ripoti ya urushaji, pesa zikiwa zimeshaliwa.

Kabla ya kutuma nayasoma maneno ya tangazo kwa sauti huku napima muda. Namba ya simu ya tarakimu 10 ikisomwa taratibu mara mbili inaweza kula sekunde 10 au zaidi, yaani theluthi nzima ya tangazo la sekunde 30. Rekodi ikitoka sekunde 33, kituo kitakutoza bei ya daraja linalofuata, mara nyingi sekunde 45, au kitakurudishia ukaipunguze. Afadhali kukata sentensi sasa kuliko kuomba bei ya sekunde 30 ambayo hutaitumia.

Saa 3:30 asubuhi

Sasa napiga simu. Mapema zaidi ya hapa timu nyingi za mauzo huwa kwenye kikao. Simu hii ni ya jambo moja: "Naomba ufungue ratiba ya wiki ijayo uniangalizie. Jumatano hadi Jumamosi, kati ya 06:00 na 10:00, zimebaki nafasi ngapi?"

Nikijibiwa haraka kwamba "nafasi zipo nyingi", najua ratiba haijafunguliwa. Vipindi vya asubuhi ndivyo vinavyojaa kwanza, na dakika za matangazo katika kila saa zina kikomo. Jibu la kweli huwa na upungufu mahali fulani. Leo ni hivi: Jumatano, Alhamisi na Jumamosi naweza kupata tatu kwa kila asubuhi, Ijumaa imebaki moja.

Hiyo Ijumaa naiulizia zaidi. Nafasi zilizojaa zimelipiwa, au zimeshikiliwa tu na mteja ambaye hajathibitisha? Kama zimeshikiliwa, zinaachiliwa lini, na je, naweza kuandikwa wa pili kwenye foleni? Mara nyingi nafasi "iliyojaa" inafunguka siku moja au mbili kabla, na anayeipata ni yule ambaye jina lake lilishaandikwa.

Ofisa ananipa njia nyingine: mtangazaji alitaje duka kwa mdomo ndani ya kipindi hiyo Ijumaa. Wazo si baya, lakini bei yake ni tofauti, urefu unategemea mtangazaji ameamkaje, na kutajwa kwa mdomo kunaweza kukosekana kwenye ripoti ya mfumo kwa sababu hakuna faili lililochezwa. Ukikubali, omba maneno yaandikwe, na omba kipande cha sauti kama ushahidi. Mimi leo nachukua ile nafasi moja na kuandikwa kwenye foleni.

Saa 5:00 asubuhi

Majibu ya barua pepe yanafika. Kwa sekunde 30 bei ni 100 asubuhi, 50 mchana, 80 jioni na 20 usiku. Sekunde 15 asubuhi ni 65. Usitegemee nusu ya muda kuwa nusu ya bei. Tangazo fupi nalo linachukua nafasi kwenye mapumziko, na kituo kinajua kwamba sekunde zinazobaki ni ngumu kuuzika.

Chini ya barua kuna ofa: "Kifurushi cha matangazo 40, thamani 4,000, kwako 2,000 tu." Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku. Punguzo la nusu bei linavutia, na mteja akiiona barua hii kabla yangu atataka tulipe leo leo. Nauliza swali moja: hayo 40 yanaangukia saa ngapi? Jibu ni 10 asubuhi na 30 kati ya 20:00 na 05:00.

Sasa tuhesabu kwa orodha yao wenyewe. Kumi kwa 100 ni 1,000. Thelathini kwa 20 ni 600. Jumla 1,600. Kifurushi cha 2,000 kinazidi bei ya kununua moja moja kwa 400, na ile "thamani 4,000" imepatikana kwa kuhesabu yote 40 kwa bei ya asubuhi. Sidhani kila kifurushi ni mtego. Vingine vina unafuu wa kweli, hasa msimu biashara ikiwa imepoa. Lakini kifurushi kisichotaja mgawanyo wa saa hakina bei unayoweza kuilinganisha na nyingine. Namjibu kwa heshima kwamba nahitaji nafasi za saa maalumu, na nauliza punguzo la wingi kwenye orodha ya kawaida linaanzia matangazo mangapi.

Saa 7:30 mchana

Gazeti. Hapa kipimo ni sentimita za safu: idadi ya safu kwa upana, mara urefu kwa sentimita. Safu 3 kwa sentimita 20 ni 60, na kwa bei ya 10 kila sentimita ya safu inakuwa 600. Naomba pia upana wa safu tatu kwa milimita. Safu za gazeti moja hazilingani na za jingine, na msanifu akikisia, tangazo litavutwa au kubanwa ili litoshe, na herufi zitatanuka kama zimevimba.

Mteja anataka ukurasa wa 3, kwa rangi. Ukurasa huo una nyongeza ya asilimia 25, rangi asilimia 30. Swali ambalo wengi hawaulizi ni kwamba asilimia hizo zinahesabiwa juu ya nini. Zote zikiwa juu ya bei ya msingi, 600 inakuwa 930. Rangi ikihesabiwa juu ya bei ambayo tayari ina nyongeza ya ukurasa, ni 750 kisha 975. Ofisi hii inasema juu ya bei ya msingi, na naomba hilo liandikwe kwenye nukuu ya bei. Nauliza pia saa ya mwisho ya kupokea kazi iliyokamilika, kwa sababu ukurasa wa rangi unaweza kufungwa mapema kuliko kurasa nyingine.

Saa 9:00 alasiri

Narudi redioni kuuliza yasiyomo kwenye orodha. Bei ni kabla ya kodi au baada? Kurekodi sauti ni gharama ya pembeni? Hapa ni 300, na nauliza kama rekodi hiyo inaruhusiwa kuchezwa kwenye kituo kingine, kwa sababu vituo vingine hukataa. Mteja akighairi, notisi ni ya siku ngapi?

Kisha tangazo lisiporushwa. Umeme unakatika, matangazo ya mechi yanavuka muda, habari za dharura zinaingia. Desturi ni kukupa tangazo la fidia, ila "tutakufidia" haina maana bila kusema lini na saa ngapi. Kwa mteja anayefungua duka Jumamosi, tangazo la fidia la Jumatatu usiku ni sawa na bure. Naomba waandike kwamba fidia itakuwa ndani ya muda uleule wa siku, kabla ya Jumamosi 10:00, na ikishindikana pesa ya tangazo hilo ipunguzwe kwenye ankara. Naomba pia ripoti ya urushaji ya kila siku, yenye saa na dakika za kila tangazo. Ikija mwisho wa kampeni, kosa la Jumatano haliwezi tena kurekebishwa.

Saa 11:00 jioni

Napanga hesabu ya mteja. Asubuhi: matatu Jumatano, matatu Alhamisi, moja Ijumaa na matatu Jumamosi, yaani 10 kwa 100, jumla 1,000. Jioni, manne kila siku Jumatano hadi Ijumaa: 12 kwa 80 ni 960. Mchana, matano kwa siku hizo hizo tatu: 15 kwa 50 ni 750. Redio inafika 2,710. Ongeza gazeti 930 na kurekodi 300, tunapata 3,940. Tuseme kodi ni asilimia 20: 788. Jumla kuu ni 4,728.

Zinabaki 272, na naziacha makusudi. Nafasi mbili za Ijumaa asubuhi zikiachiliwa zitagharimu 200, na kodi yake 40.

Ofisa ameshikilia nafasi zangu hadi kesho 12:00. Naandika hilo juu kabisa ya barua kwa mteja, kabla ya jedwali: akithibitisha baada ya hapo, bei zitabaki hizi lakini asubuhi za Jumatano na Alhamisi nitaanza kuziomba upya.